Somo la mfano mbele ya jopo: la kuongozwa, la ugunduzi au la hali halisi?

Mwalimu wa Kiswahili wa sekondari anayeomba kupandishwa cheo hapa Uganda anaweza kutakiwa aonyeshe ufundishaji wake kwa njia mbili zisizofanana. Katika ya kwanza anasimama mbele ya jopo ndani ya chumba cha usaili, bila mwanafunzi hata mmoja, akipewa dakika 10 au 15. Katika ya pili wanajopo, au mkaguzi akiwa na mkuu wa shule, wanaketi nyuma ya darasa halisi na kutazama kipindi kizima cha dakika 40. Walimu wa shule za msingi, ambao ajira zao ziko chini ya tume za huduma za wilaya, na wale wa sekondari za serikali walio chini ya Tume ya Huduma ya Elimu, hukutana na swali lilelile pindi wanapopata taarifa: mada nimeshaijua, lakini somo nilipe sura gani?

Makala hii inalinganisha sura tatu ambazo walimu huzisitia zaidi. Ili ulinganisho uwe wa haki, zote tatu nimezijaribia mada moja, yaani upatanisho wa kisarufi wa ngeli ya KI-VI katika kidato cha kwanza. Nimeichagua kwa sababu ni mada ya kawaida, inatosha ndani ya kipindi kimoja ikipunguzwa vizuri, na makosa yake yanatabirika. Lengo la somo ni dogo kwa makusudi: mwishoni mwa kipindi mwanafunzi aweze kuandika sentensi sahihi, katika umoja na wingi, zenye nomino ya KI-VI, kivumishi na kitenzi. Vimilikishi, vionyeshi na viulizi havimo. Mwalimu anayeandika katika mpango wake kwamba atafundisha ngeli ya KI-VI yote kwa dakika 40 ameshalipa jopo swali la kwanza la kumbana.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni ushahidi. Mwanajopo hawezi kuona ujifunzaji wenyewe. Anaona kilichoandikwa katika daftari, kilichosemwa kwa sauti, na jinsi mwalimu alivyokitumia. Sura ya somo hupimwa kwa wingi wa kazi ya wanafunzi inayoonekana kabla ya kengele kulia.

Cha pili ni dakika. Ratiba za majopo huchelewa, na mwalimu aliyeambiwa dakika 15 anaweza kusimamishwa ikiwa dakika ya nane. Kuna somo linaloweza kukatwa katikati likabaki somo, na kuna lingine ambalo likikatwa katikati huwa halijaanza.

Cha tatu ni kigezo ambacho walimu wa masomo mengine hawalazimiki kukifikiria: mwanajopo asiyejua Kiswahili. Kiswahili ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, lakini wengi wa wanaoketi katika majopo leo walisoma wakati ambapo shule nyingi hazikukifundisha. Inawezekana kabisa kwamba katika wanajopo watano ni mmoja tu anayefuata kila unachosema, na wale wanne ndio wenye alama nyingi za kutoa.

Cha nne ni mtaala. Mtaala huo umejengwa juu ya umilisi, na asilimia 20 ya alama za mwisho za mtihani wa UCE hutokana na tathmini endelevu inayofanywa shuleni. Kwa hiyo wanajopo huuliza mwanafunzi atakifanyia nini alichojifunza, na mwalimu atakipima vipi.

Kigezo cha mwisho ni namna somo linavyoharibika. Kila sura ina mahali pake pa kuvunjikia, na ni afadhali kupajua nyumbani kuliko kupagundua mbele ya mwenyekiti.

Somo la kuongozwa hatua kwa hatua

Hapa mwalimu anaonyesha, kisha anafanya pamoja na darasa, kisha wanafunzi wanafanya peke yao. Anaandika ubaoni sentensi mbili, moja chini ya nyingine:

Kiti kipya kimevunjika.
Viti vipya vimevunjika.

Kwa chaki ya rangi anapigia mstari ki- tatu za sentensi ya kwanza na vi- tatu za sentensi ya pili, bila maelezo kwa sekunde chache, ili macho ya darasa yapite yenyewe kutoka juu kwenda chini. Kisha anainua kitabu, kikombe na kifutio, na darasa linaunda sentensi kwa mdomo huku yeye akiandika. Hadi hapo ni dakika 12 au 13. Baada ya hapo kila mwanafunzi anaandika sentensi sita katika daftari lake: nne za moja kwa moja, moja yenye kivumishi kinachoanza kwa irabu, na moja anayoitunga mwenyewe.

Ile yenye irabu ndiyo inayomtofautisha mwalimu anayeijua mada na aliyenakili mpango wa mwenzake. Mwanafunzi akiambiwa aandike kwamba kitabu chake kina rangi nyeusi, ataandika kieusi au kyeusi badala ya cheusi. Anayezungumza Kiganda ana sababu nzuri ya kuandika kyeusi, kwa kuwa kitabu changu katika lugha yake ni ekitabo kyange, na vitabu vyangu ni ebitabo byange. Mwalimu aliyekwisha kuitarajia kyeusi akaiandika katika mpango wake, kwenye safu ya makosa yanayotarajiwa, anapoiona daftarini humwonyesha mwanafunzi kwamba lugha yake imemfikisha karibu sana na jibu. Jopo likiliona hilo limeona maarifa ya somo na maarifa ya mwanafunzi kwa pamoja, na halihitaji kuuliza swali jingine la aina hiyo.

Kwa upande wa ushahidi, sura hii ina nguvu. Sentensi sita mara idadi ya wanafunzi ni maandishi mengi, na mwalimu anayepita kati ya madawati anaweza kusema mwishoni kwamba katika benchi mbili za kushoto karibu wote wamepata nne za kwanza, na wengi wamekosa cheusi. Katika darasa la wanafunzi 80 hakuna anayetarajia usome daftari zote. Chagua mapema safu utakayoisoma, na uitaje katika mpango.

Kuhusu dakika, hakuna sura inayovumilia kukatwa kuliko hii. Ukisimamishwa dakika ya nane tayari kuna sentensi mbili, rangi mbili na mifano mitatu ya darasa. Mwanajopo asiyejua Kiswahili naye anafuata bila taabu, kwa kuwa rangi zinamwonyesha kwamba mwanzo wa neno la kwanza umejirudia katika maneno yanayofuata, na kama ametoka katika jamii inayosema Kiganda, Kinyankole au Kisoga atalitambua jambo hilo mara moja. Mtu wa Gulu au Lira hatakuwa na kumbukumbu hiyo, maana Kiacholi na Kilango havina mfumo wa viambishi vya ngeli wa namna hii, lakini chaki ya rangi itamtosha.

Udhaifu wake uko upande wa mtaala. Sura hii inafanana na ufundishaji ambao mtaala mpya ulikusudia kuuacha, na mwanajopo mkali ataandika kwamba mwalimu alizungumza sana. Dalili ni rahisi kuipima: ikiwa dakika ya 15 imefika na hakuna mwanafunzi aliyeshika kalamu, somo limeshakuwa mhadhara. Dalili nyingine ni darasa kuitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu," kila linapoulizwa kama limeelewa. Itikio hilo si ushahidi, na wakaguzi wamelisikia mno.

Somo hili linamfaa mwalimu asiyelijua darasa atakalopewa, mwenye muda mfupi, au mwenye sauti na mwandiko wa ubaoni vinavyomsaidia. Linamfaa pia mwenye wasiwasi mwingi, kwa sababu hatua zake zinafuatana hata kichwa kikipotea kidogo.

Somo la ugunduzi katika vikundi

Katika sura hii mwalimu haanzi na kanuni. Anagawa sentensi zilizochanganywa na kuwataka wanafunzi wazipange katika mafungu, kisha waeleze kwa nini wamezipanga hivyo. Sentensi zenyewe ndizo somo, kwa hiyo zinahitaji kuchaguliwa kwa uangalifu. Mfano wa nne kati ya hizo:

Kiti kikubwa kimeanguka.
Kiboko mkubwa ameanguka.
Vitabu vizuri vimepotea.
Vifaranga wazuri wamepotea.

Mwanzoni wanafunzi huangalia neno la kwanza tu na kuweka kiti na kiboko pamoja, vitabu na vifaranga pamoja. Baada ya dakika chache mmoja wao huona kwamba mwisho wa sentensi haulingani. Hapo ndipo mwalimu anapouliza swali lake moja la maana: kwa nini kiti kimeanguka lakini kiboko ameanguka? Wanafunzi wanapofikia jibu kwamba kiboko na kifaranga ni viumbe hai, na viumbe hai hufuata upatanisho wa A-WA hata majina yao yakianza na ki-, wamekipata kitu ambacho somo la kuongozwa lingelazimika kukiahirisha. Kwa darasa la Masaka au Mukono ugunduzi huu una uzito wa ziada, kwa kuwa katika Kiganda mnyama hubaki na upatanisho wa jina lake. Husemwa ekisolo kigudde, kwa ki- ileile. Mwanafunzi anayeandika kiboko kimeanguka hajazembea, ameufuata utaratibu wa lugha yake, na sura hii ya somo ndiyo inayomfanya auone utaratibu wa Kiswahili kwa macho yake.

Ushahidi wake ni mzuri kwa sikio na mchache kwa jicho. Jopo litasikia wanafunzi wakibishana, jambo ambalo katika kipindi cha dakika 40 lina thamani kubwa, lakini kama mwalimu hakupanga maandishi ya mtu mmoja mmoja mwishoni, hakuna ajuaye kama ni darasa lililojifunza au ni wasemaji wanne. Sentensi mbili katika daftari, moja ya kitu na moja ya kiumbe hai, zinatosha kuziba pengo hilo, mradi ziwe na dakika zao sita au saba ambazo hazitaliwa na kitu kingine.

Na kwa kweli huliwa. Chukua darasa la wanafunzi 60 lenye vikundi 12 vya watu watano. Mwalimu akitaka kila kikundi kiripoti kwa dakika mbili, ripoti peke yake ni dakika 24. Kugawa na kusoma sentensi ni dakika 15 nyingine, na kipindi kimekwisha bila hitimisho. Chagua vikundi vitatu tu: kimoja kilichokosea kwa namna ya kufundisha, kimoja kilichopata, na kimoja chenye maelezo tofauti. Uchaguzi huo unafanywa wakati unapita kati yao, si kwa kuuliza nani yuko tayari. Vifaa pia vina hesabu yake. Kadi 12 kwa kila kikundi ni kadi 144 za manila za kukata na kuandika usiku. Sentensi hizohizo zikiandikwa katika nusu karatasi moja kwa kila kikundi ni nusu karatasi 12 tu, na wanafunzi wanaweza kuzizungushia alama badala ya kuzihamisha. Kadi zinapendeza zaidi, lakini sijaona sababu ya mwalimu kukesha kwa ajili yake.

Mwanajopo asiyejua Kiswahili ndiye anayepata shida zaidi hapa. Anaona vikundi vinavyozungumza na hajui kama wanazungumzia kiboko au chakula cha mchana. Dawa ni ukurasa mmoja wa Kiingereza uliobandikwa mbele ya mpango wa somo, wenye sentensi zote za kupanga, maana yake, na jibu linalotarajiwa, ili naye akiona karatasi ya kikundi aweze kuisahihisha mwenyewe.

Kwa mtaala sura hii inakaa vizuri bila kulazimishwa. Fikra tunduizi, ushirikiano na mawasiliano, ambazo mtaala unazitaja miongoni mwa stadi za jumla, zinaonekana katika shughuli yenyewe badala ya kuorodheshwa tu juu ya mpango.

Linapoharibika, huharibika mapema. Vikundi huanza kupanga kwa maana, vitu vya nyumbani huku na vya porini kule, au mwanafunzi mmoja anashika karatasi na wanne wanamtazama. Subiri dakika tano; wasipoona, toa dokezo moja tu, kwamba waangalie herufi za mwanzo za neno la mwisho katika kila sentensi. Mwalimu anayetoa kanuni yote kwa hofu ya kimya amerudi kwenye somo la kuongozwa bila maandalizi yake.

Bila wanafunzi, sura hii ni ngumu kweli. Wapo wanaowageuza wanajopo kuwa kikundi, na ikifanywa kwa adabu huweza kupokelewa: "Mheshimiwa mwenyekiti, kwa ruhusa yako, ningeomba waheshimiwa wawili wanisaidie kupanga sentensi hizi nne." Lakini kuna mwenyekiti atakayejibu, "Mwalimu, sisi hatukuja kusoma, endelea tu," na baada ya hapo mwalimu anahitaji njia nyingine iliyo tayari. Sura hii inamfaa anayetazamwa katika darasa lake mwenyewe, lililokwisha kuzoea vikundi. Darasa geni lisilozoea litatumia nusu ya kipindi kuhamisha madawati.

Somo la hali halisi

Katika sura ya tatu wanafunzi wanapewa hali inayowalazimisha kutumia lugha, na kazi yao ni kutoa kitu kinachoweza kusomwa au kusikika. Walimu wengi huchukua soko, kwa kuwa vitabu vingi vimechukua soko. Kwa ngeli ya KI-VI soko ni chaguo baya, kwa sababu ndizi, nyanya, maembe na mihogo ziko katika ngeli nyingine, na mwanafunzi akitaka kununua vitu vingi vya sokoni atatoka nje ya lengo. Bweni lina faida zaidi. Hali iwe hivi: muhula unakwisha, mlezi wa bweni anataka orodha ya vitu vilivyoharibika ili aipeleke kwa mkuu wa shule. Kuna mchoro wa bweni katika karatasi ya manila. Kila mwanafunzi aandike taarifa fupi ya sentensi tano.

Mchoro huo ndio unaolishika somo. Weka kitanda, kioo, kitasa, kiti, chandarua na choo. Taarifa nzuri itakuwa na sentensi kama hizi: Vitanda viwili vimevunjika. Kioo kikubwa kimepasuka. Chandarua kimoja kimechanika. Choo kimeziba. Kitasa kipya kimeharibika. Chandarua na choo vina kazi yake hapo, kwa sababu vinaanza na ch- na wingi wake, vyandarua na vyoo, unaanza na vy-. Mwanafunzi aliyekariri ki- na vi- peke yake atakwama, na kukwama kwake kutaonekana. Usichore dirisha wala mlango. Ukivichora, watoto watataka kusema dirisha limevunjika na mlango umeng'oka, na nusu ya kipindi itakwenda kusahihisha ngeli ambazo hukuzifundisha.

Ushahidi unaopatikana hapa una ubora kuliko wa sura zote mbili zilizotangulia, kwa kuwa taarifa ya bweni ni maandishi yenye kusudi, na inaweza kupimwa kwa vigezo ambavyo jopo linavisoma katika mpango: je, taarifa imetaja kitu na tatizo lake, je, upatanisho ni sahihi, je, inaeleweka kwa mlezi. Ndiyo inayokaribiana zaidi na kazi za tathmini ambazo mtaala unazitaka, zenye hali, kielelezo cha kusaidia na agizo la kazi.

Hata hivyo kuna mtego. Somo la namna hii ni shughuli ya ujumuishaji, nayo huwekwa mwishoni mwa mada, baada ya wanafunzi kuwa wamejifunza sehemu zake. Mwalimu anayeitumia kuanzisha KI-VI siku ya kwanza atakuwa anapima kisichofundishwa, na mkaguzi anayeujua mtaala ataligundua kwa kufungua azimio la kazi tu. Ukiichagua sura hii, mpango uonyeshe wazi kwamba upatanisho ulifundishwa katika kipindi kilichotangulia, na rekodi ya kazi ikubaliane nawe. Kwa darasa la kuazima, ambalo hujui lilifundishwa nini juzi, hilo ni jambo gumu kulithibitisha.

Dakika zake zinahimili wastani. Kueleza hali na kusoma mchoro huchukua dakika saba, kuandika 15, na zinazobaki ni za kusoma taarifa mbili tatu kwa sauti na kuzirekebisha pamoja. Kosa la kawaida ni kuipamba hadithi: mlezi anapewa jina, tabia na safari ya kutoka Mbarara, na darasa linafika dakika ya 14 bila kujua la kuandika. Hali inayohitaji zaidi ya sentensi nne kuelezwa ni ndefu mno.

Mwanajopo asiyejua Kiswahili anasaidiwa na mchoro. Anamwona mwanafunzi akinyoosha kidole kwenye chandarua kilichochanika na kusema sentensi, na ingawa hajui kama sentensi ni sahihi, anaona mawasiliano yakifanyika.

Mbele ya jopo lisilo na wanafunzi sura hii inafanya vizuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sharti moja. Mwalimu abandike mchoro, aeleze kazi kwa dakika mbili, kisha abandike taarifa ya mfano aliyoiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, yenye makosa ambayo wanafunzi wake huyafanya: Vitanda mbili zimevunjika. Kyoo kimeziba. Halafu aonyeshe hatua kwa hatua atakachomwambia mwanafunzi huyo. Katika sentensi ya kwanza kuna makosa mawili, la idadi na la kitenzi, na zi- ile inatoka kwa mwanafunzi aliyezoea kusikia zi- ikitumiwa kwa wingi wa kila kitu. Mwalimu anayeweza kulieleza hilo kwa utulivu ameonyesha tathmini, jambo ambalo masomo mengi ya usaili huliacha nje kabisa. Taarifa ya mfano isiwe nakala ya daftari la mwanafunzi lenye jina lake.

Sura hii inamfaa mwalimu anayeomba cheo cha juu zaidi, kwa mfano Afisa Elimu anayetaka kuwa Mwandamizi, kwa sababu maswali yanayofuata somo humpeleka kwenye upimaji na upangaji wa mada nzima, ambako atatarajiwa kuwaongoza wenzake wa idara.

Uchaguzi kwa hali yako

Ukiwa na dakika 10 hadi 15 mbele ya jopo, bila wanafunzi, sura zinazobaki kwa kweli ni mbili. Kama hujui ni wangapi kati yao wanaofuata Kiswahili, chukua somo la kuongozwa, na utumie muda wako mwingi kwenye ubao wa rangi mbili na kosa moja unalolitarajia. Kama tangazo la nafasi linataja usimamizi wa idara au tathmini, taarifa ya bweni yenye makosa itakupa mengi zaidi ya kuzungumza.

Ukitazamwa katika darasa lako mwenyewe, shuleni kwako, ugunduzi ndio unaokuonyesha vizuri zaidi, kwa sababu utulivu wa vikundi vyako ni kazi ya muhula mzima ambayo mgeni hawezi kuiigiza kwa siku moja. Lakini kama darasa hilohilo lina wanafunzi zaidi ya 90 na madawati yasiyosogezeka, wapange wawili wawili palepale walipoketi, na somo libaki la ugunduzi.

Darasa la kuazima katika shule nyingine linahitaji tahadhari. Omba dakika kumi na mwalimu wa darasa kabla ya siku hiyo, au hata asubuhi ileile, umwulize mambo mawili tu: wamefika wapi katika azimio la kazi, na wengi wao husema lugha gani nyumbani. Jibu la pili linabadilisha mifano yako. Kwa darasa la Lira mlinganisho na ekitabo hauna faida, na ni bora dakika hizo ziongezwe kwenye mazoezi ya mdomo. Kwa darasa la namna hii anza na somo la kuongozwa, na kama dakika ya 20 inakukuta wameshika vizuri, malizia kwa taarifa ya sentensi tatu kuhusu mchoro wa bweni. Mchanganyiko huo unakubalika mradi uandikwe katika mpango kama hatua ya hiari, yenye dakika zake, ili isionekane kama umepotea njia.

Mwalimu mwenye vifaa vya projekta asivitegemee peke yake katika hali yoyote kati ya hizi. Sentensi zake ziwe pia katika manila, kwa ajili ya umeme unaokatika. Na sura yoyote utakayoichagua, chapisha nakala za mpango kulingana na idadi ya wanajopo na moja ya ziada, kila nakala ikiwa na ule ukurasa wa Kiingereza mbele, na safu ya dakika iliyojumlishwa sawasawa hadi 40, au hadi 15, kulingana na muda ulioandikwa katika barua yako.